Maswali na majibu: mashine ya 900, mfumuko wa bei, kodi na ule mtaji unaozunguka

"Mkuu, mauzo swali limetoa kwa bei za leo, mfumuko upo, riba nayo zipo mbili. Nazidisha mfumuko au naachana nao nitumie riba halisi?"

Zidisha. Tuliweke swali lenyewe mezani maana karibu wote mmeuliza hilo hilo. Namba zote ni kwa elfu: mashine 900, miaka mitatu, mwisho haina thamani. Mauzo 1,000 kwa mwaka kwa bei za leo, yanapanda 5%. Gharama 500 kwa bei za leo, zinapanda 8%. Kodi ni 30% na inalipwa mwaka mmoja nyuma, punguzo la uchakavu kwenye kodi ni 300 kila mwaka. Mtaji wa uendeshaji ni 10% ya mauzo ya mwaka, unawekwa mwanzoni mwa mwaka huo. Riba halisi 7%, mfumuko wa jumla 5%.

Riba yenye mfumuko ndani unaipata kwa kuzidisha, usijumlishe: 1.07 × 1.05 = 1.1235, basi chukua 12%. Mauzo yanakuwa 1,050, halafu 1,102.5, halafu 1,157.6. Gharama 540, 583.2, 629.9. Angalia kwamba mwaka wa kwanza nao umepandishwa, wengi wanauacha kwenye bei za leo kisa eti ndo mwanzo, wakati hela ya mwaka wa kwanza inaingia mwisho wa mwaka, bei zimeshapanda mara moja. Ukitoa gharama kwenye mauzo unabaki na 510, 519.3 na 527.8.

Ile njia ya mkato, yaani bei za leo na 7%, inakubalika pale tu kila kitu kinapopanda kwa kasi moja. Hapa gharama zinakimbia kuliko mauzo, na lile punguzo la 300 halipandi kabisa, ni 300 mwaka wa kwanza na 300 mwaka wa tatu. Nimeijaribu hiyo njia, inatoa NPV, yaani thamani ya leo ya hela zote za mradi ukishatoa ulichowekeza, ya 247, jibu sahihi ni 173. Na ukichanganya, bei za leo na 12%, unapata kama 143. Mradi ni ule ule ila majibu matatu, kwa hiyo kabla hujashika kalkuleta angalia kama hela zako na riba yako vinaongea lugha moja.

"Uchakavu si hela, mbona mnauingiza? Na huu mwaka wa nne umetoka wapi wakati mashine ni ya miaka mitatu?"

Uchakavu wenyewe hauingii, dada yangu, kinachoingia ni kodi unayookoa kwa sababu yake. Mwaka wa kwanza una 510, ungelipa kodi 153, ila punguzo la 300 linakuokolea 90, unalipa 63. Hiyo 63 inatoka mfukoni mwaka wa pili kwa sababu swali limesema kodi inachelewa mwaka. Faida ya mwaka wa pili italipiwa 65.8 mwaka wa tatu, na ya mwaka wa tatu 68.3 mwaka wa nne. Mashine imeshakufa lakini mtu wa kodi bado anakudai, ndo hiyo safu ya nne. Mimi mwenyewe kwenye mtihani niliwahi kuisahau, nikajiona nimepata mradi mzuri kumbe nimekwepa kodi kwenye karatasi.

Angalizo: lile punguzo la 300 usilizidishe na mfumuko hata kidogo, linahesabiwa kwenye bei uliyonunulia mashine na hiyo haibadiliki. Na kama swali lako linasema kodi inalipwa mwaka ule ule, safu ya nne haipo, usiibebe kwa mazoea.

"Mtaji wa uendeshaji nimekuwa nautoa kila mwaka kama swali lilivyosema, 10% ya mauzo, NPV inakuja hasi 9. Kitabu kinasema 173. Nimekosea wapi?"

Hapa ndo watu wengi wanapotelea, na uzuri umeleta namba nikaona kosa lako moja kwa moja. Umetoa 105 mwanzoni, sawa. Halafu mwisho wa mwaka wa kwanza ukatoa 110.25 nzima, mwisho wa mwaka wa pili 115.76 nzima, halafu mwishoni ukarudisha ile 115.76 tu.

Sasa jiulize hiyo 105 ya mwanzo ilienda wapi. Haijaliwa. Imelala stoo kama mzigo na kwa wateja waliokopa, mzigo ukiuzwa na wateja wakilipa hela inarudi na inanunua mzigo mwingine, inazunguka tu. Mwaka wa pili ukihitaji 110.25, wewe tayari una 105 ndani, unaongeza 5.25. Wa tatu unahitaji 115.76, unaongeza 5.51. Mwisho wa mwaka wa tatu unafunga duka, stoo inaisha, madeni yanakusanywa, 115.76 yote inatoka.

Namna ya kujikagua ni rahisi: jumlisha ule mstari wote bila kudiskaunti, lazima utoe sifuri. −105 − 5.25 − 5.51 + 115.76, sifuri. Wako unatoa −215.25, yaani hela imepotea hewani, na hiyo ndo imeua mradi mzuri.

Ila nayo ni dhana, kwamba kila mdaiwa atalipa na mzigo wote utauzika. Kwenye kazi halisi mimi siamini inarudi yote, ila kwenye swali irudishe yote labda uambiwe vingine.

"Huo mtaji ukirudi unakatwa kodi?"

Hapana. Si faida, ni hela yako inarudi, kama ambavyo ulipoiweka haikukupunguzia kodi.

"Tumekopa kununua hiyo mashine, riba ya mkopo naitoa wapi?"

Popote usiitoe, imeshakaa ndani ya ile 12%. Ukiitoa tena umeihesabu mara mbili.

"Nimefuata yote hayo, hela za kila mwaka ziko sawa na zako lakini Excel inanipa 154. Kwa nini?"

Hela za kila mwaka ni hizi, kwa wasiofika bado: mwanzo −1,005, halafu 504.75, 450.79, 577.74, na −68.33. Nadhani umezichagua zote tano ukaziweka ndani ya fomula. Excel inachukulia namba ya kwanza iko mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo imeusogeza mradi wako wote mwaka mzima mbele, ndo maana 154 yako ukizidisha na 1.12 unarudi kwenye 173. Ya mwanzo iache nje, kama ziko A2 mpaka E2 andika hivi:

```
=NPV(12%,B2:E2)+A2
```

Jumlisha, usitoe, A2 tayari ina alama ya kutoa.