Mafuta ya karafuu kwa paka: yaliyonikuta, na mimea niliyoitoa ndani

"Wakuu, nina paka watatu na mbwa mmoja, viroboto wamezidi ndani. Jirani kanishauri nichanganye mafuta ya karafuu na ya nazi niwapake, anasema ni dawa ya asili haina shida. Kuna madhara yoyote? Na maua ya ndani je, yapi niyatoe?"

Mkuu, kama hujapaka, usipake. Kama umeshapaka, acha kusoma kwanza, kawaoshe hao paka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha urudi.

Mimi nilipaka. Nilikuwa na paka jike mdogo, hajafika kilo tatu, viroboto wamemjaa shingoni mpaka manyoya yananyonyoka. Nikachukua kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu, nikachanganya na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi, nikampaka kuanzia kisogoni hadi mkiani. Nyumba nzima ikanukia kama jikoni siku ya pilau. Viroboto kweli walitoka mbio. Paka naye akaanza kujilamba.

Ilikuwa alasiri. Magharibi nikamkuta nyuma ya kabati, mate yanamtiririka kidevuni. Nilipomtoa akasimama, miguu ya nyuma ikawa inapishana kama mlevi. Masikio na makanyagio yalikuwa ya baridi. Kosa langu la pili lilikuwa kumpa maziwa, maana sisi tumekua tukiambiwa maziwa yanakata sumu. Hayakati. Mafuta ndiyo kwanza hufyonzwa vizuri yakikutana na chakula chenye mafuta.

Daktari wa mifugo niliyempigia aliniambia mambo matatu. Nimwoshe kwa sabuni ya vyombo mara mbili au tatu mpaka harufu ipungue, kwa sababu maji matupu hayatoi mafuta. Nimkaushe na kumweka kwenye joto, maana paka mwenye sumu hiyo hupoteza joto la mwili haraka, na kumlowesha kunaongeza. Na nisijaribu kabisa kumtapisha: mafuta haya ni mepesi, yakipanda juu huingia kwenye mapafu, na hapo unapata nimonia juu ya sumu. Asubuhi nikampeleka akatundikiwa dripu. Dawa ya kuua sumu yenyewe hakuna, kinachofanyika ni kumshikilia mnyama mpaka mwili utoe wenyewe. Siku ya tatu akaanza kula. Alipona, lakini daktari alinieleza wazi kwamba ningechelewa kumwosha, ini lingeweza kufa.

Kwa nini ini? Hapa ndipo neno "asili" linapotudanganya. Karafuu inanukia kwa sababu ya yujenoli, na yujenoli ni jamii ya finoli. Ini la mtu lina kimeng'enya kinachozifunga finoli ili ziyeyuke kwenye maji na kutoka na mkojo. Paka anacho kidogo mno. Ndiyo maana kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, wakati wewe unameza viwili na kwenda kazini. Kinachokaa kwako saa chache, kwake kinabaki kinazunguka na kuunguza ini. Halafu paka hujilamba siku nzima, kwa hiyo chochote unachompaka umemlisha.

Mafuta mengine ya kuogopa kwa paka ni ya mdalasini, mkaratusi, mnanaa, maganda ya limau na machungwa, na yale ya tii trii wanayouza kwa ajili ya chunusi. Tii trii hata mbwa hayawezi yakipakwa bila kuzimuliwa: anatetemeka, miguu inalegea. Dawa za kuchua za mafua zenye kafuri nazo ziweke juu kabatini. Vile vyombo vya umeme vinavyorusha mvuke wa manukato si salama kwa paka aliyefungiwa chumbani, kwa sababu matone hutua kwenye manyoya naye anayalamba. Udi na ubani sijaacha, siwezi kuwadanganya, ila nafungua dirisha na mlango paka aondoke akitaka. Paka mwenye pumu nisingemfukizia hata kidogo.

Mbwa ini lake linahimili zaidi, lakini naye tunamuua kwa kitunguu saumu. Mtaani kwetu wanamtwangia na kumchanganyia kwenye ugali eti dawa ya minyoo. Minyoo haiondoki. Kinachoondoka ni damu: vitunguu vyote, saumu na maji, vibichi au vilivyopikwa, vinapasua chembe nyekundu za damu. Tatizo halionekani siku ileile. Baada ya siku kadhaa ndipo unaona ufizi umepauka, mbwa anahema akiwa amelala, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Paka ni dhaifu zaidi hapo pia. Kwa hiyo na ule mchuzi wa kuungia tunaowamwagia kwenye makombo, tuache.

Viroboto utawamalizaje? Wengi hawako kwa mnyama, wako kwenye mkeka, makochi na nyufa za sakafu wakiwa mayai na viluwiluwi. Fua matandiko yao kwa maji ya moto kila wiki, anika juani, fagia hadi kwenye pembe. Mnyama mchane kwa chanuo lenye meno ya karibu, wanaonaswa wazamishe kwenye maji ya sabuni. Ukinunua dawa ya kudondoshea shingoni, hakikisha imeandikwa ya paka na uzito wake. Ya mbwa yenye permethrini usimguse nayo paka, humtia degedege. Na mbwa akishapakwa, paka asilale naye mpaka ikauke.

Sasa maua. La kwanza kutoa ni lili, yale makubwa yenye harufu kali yanayokuja kwenye mashada ya harusi. Kwa paka hilo halina mjadala. Jani, ua, unga wa chavua uliomdondokea mgongoni akaulamba, hata maji ya chombo cha maua akiyanywa, figo zinaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Anatapika kidogo, anapoa, unadhani yameisha, kumbe mkojo ndio unakata. Ukiona ametafuna, usisubiri dalili, nenda siku hiyohiyo akawekewe dripu.

Kwa mbwa ninauogopa mtapo, ule wanaouweka kwenye vyungu vya barazani kama mnazi mfupi. Mbegu zake ndizo mbaya kuliko sehemu nyingine, na mbwa huzipenda kuchezea. Mbegu moja au mbili zinatosha kuharibu ini. Wazee wa pwani walikula unga wake wakati wa njaa, lakini baada ya kuuloweka na kuubadilishia maji kwa siku nyingi, jambo ambalo mbwa hafanyi. Oleanda ya uani, ile ya maua ya pinki, inasimamisha moyo, kwa hiyo hata kijiti chake usimrushie mbwa akakimbilie. Mbegu za mbono nazo, hasa zikitafunwa.

Difenbakia na mani planti zinauma mdomo tu: mate yanatoka, anajikuna uso, anakataa kula. Msuuze mdomo kwa maji, mara nyingi inapita. Shubiri humharisha. Hizo mimi nimezitundika juu karibu na dari, ingawa yule paka wangu, huyohuyo wa karafuu, ameshagundua njia ya kupitia juu ya friji, kwa hiyo mani planti imehamia kwa dada yangu.

Ukipeleka mnyama kwa daktari, chukua na chupa au kipande cha mmea wenyewe. Mimi nilienda mikono mitupu, nikaulizwa "mafuta gani, kiasi gani, saa ngapi," nikabaki nakisia.