Damu yangu ni O hasi, mume wangu ni B chanya: je, sindano bado itanifaa?

*Shangazi, shikamoo. Damu yangu ni O hasi, ya mume wangu ni B chanya. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa salama na ni mzima. Nilipojifungua niliambiwa nichomwe sindano, lakini haikupatikana, tukarudi nyumbani. Mwaka jana mimba ya pili iliharibika ikiwa na miezi minne, na pale pia sikuchomwa chochote. Sasa nina ujauzito wa wiki 11. Mama mkwe anasema damu zetu zimekataana na watoto wanaofuata watakufa wote. Mume wangu amekuwa mkimya. Je, niwahi kuchomwa hiyo sindano sasa? Na huyu mtoto atapona?*

Marahaba, mwanangu. Usikimbilie sindano kabla ya kupima damu. Kipimo unachohitaji wiki hii kinaitwa kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja. Kinatafuta kingamwili dhidi ya Resusi katika damu yako, na jibu lake ndilo litakaloonyesha uko njia ipi kati ya njia mbili.

Damu hasi maana yake ni kwamba chembe zako nyekundu hazina kitu kinachoitwa D, na D ndiyo hiyo Resusi. Chembe za mume wako zinacho. Mtoto akikirithi kutoka kwa baba, chembe zake nazo zinakuwa na D, na zikipenya kuingia katika damu yako, mwili wako unaziona ni ngeni na unaweza kuanza kutengeneza kingamwili za kuziua. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki hovyo wakati wa ujauzito. Mchanganyiko mkubwa hutokea kondo la nyuma linapobanduka, yaani wakati wa kujifungua, au mimba inapoharibika, au mama anapopigwa au kuanguka kwa tumbo. Ndiyo maana mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika: kingamwili zinapoanza kutengenezwa, yeye ameshatoka. Zile za mwanzo ni kubwa mno kupita kwenye kondo. Zinazofuata ni ndogo, zinapita, na mwili hausahau. Mimba nyingine ya mtoto mwenye D ikiingia, zinatengenezwa haraka na kwa wingi, na zinamfuata mtoto tumboni.

Sindano uliyoikosa ni ya anti-D. Kazi yake ni kuziondoa chembe za mtoto zilizoingia kwako kabla mwili wako haujazitambua. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na ikichelewa kidogo bado inaweza kusaidia hadi siku ya 10 hivi. Kwa uzazi wako wa kwanza na kwa mimba ile ya miezi minne, muda huo umekwisha. Kama mwili umeshaanza kutengeneza kingamwili, anti-D haiwezi kuzifuta, hata ukichomwa dozi kumi.

Lakini kukosa sindano si sawa na kuwa na kingamwili. Mama mwenye damu hasi akijifungua mtoto mwenye damu chanya bila kuchomwa, takriban 16 kati ya 100 ndio hupata kingamwili. Tena tofauti ya O yako na B ya mume wako inaweza kuwa imekulinda kidogo: kama mtoto wa kwanza alichukua B ya baba yake, kingamwili za kawaida ulizo nazo dhidi ya B huenda ziliziharibu chembe zake kabla mwili wako haujaiona D. Kwa hiyo mpimeni mtoto huyo kundi la damu. Akiwa hasi, uzazi wake haukukudhuru, na inaonyesha pia kwamba baba yake amebeba urithi wa aina zote mbili, kwa hiyo kila mimba, hata hii, ina nusu ya nafasi ya kuwa ya mtoto hasi asiyeguswa na tatizo hili.

Tuseme kipimo kimeonyesha huna kingamwili. Utapimwa tena wiki ya 28, kisha utachomwa anti-D, kwa kawaida mikrogramu 300, kwenye msuli. Hakikisha damu inatolewa kabla ya sindano, kwa sababu sindano yenyewe ni kingamwili na itafanya kipimo kionyeshe kitu ambacho si chako. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ukitokwa na damu ukeni au ukijigonga tumbo kabla ya siku za kujifungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ukahitaji dozi ya ziada ndani ya saa 72. Siku ya kujifungua, damu ya kwenye kitovu cha mtoto ipimwe kundi. Akiwa chanya unachomwa tena. Mikrogramu 300 hutosha kwa mililita 30 za damu ya mtoto. Kama kulikuwa na kutokwa damu kwingi, waombe wapime kiasi kilichoingia kwako, dozi iongezwe. Na safari hii usiache suala la kupatikana kwa dawa lisubiri uchungu. Uliza kuanzia wiki ya 28 itatoka wapi.

Tuseme kipimo kimeonyesha unazo. Hapo anti-D haina kazi tena, na kliniki ya kawaida haitoshi. Unahitaji hospitali yenye madaktari bingwa wa uzazi. Watapima wingi wa kingamwili kila baada ya wiki 4, baadaye kila baada ya wiki 2. Hospitali nyingi huanza kuwa na wasiwasi kipimo kikifika 1:16 au 1:32. Kuanzia hapo mtoto huangaliwa kwa altrasaundi ya Doppler, inayopima mwendo wa damu kwenye mshipa wa ubongo wake. Damu ikipungukiwa na chembe huwa nyepesi na hukimbia. Kasi ikizidi mara 1.5 ya kawaida ya wiki zake, kuna uwezekano mkubwa ana upungufu mkubwa wa damu. Akiachwa, moyo huchoka na mwili hujaa maji, na hivyo ndivyo watoto wa namna hii wanavyofia tumboni. Lakini anaweza kuongezewa damu angali humo: sindano hupitishwa tumboni kwa mama, kwa kuongozwa na altrasaundi, hadi kwenye mshipa wa kitovu, na damu hasi huingizwa. Hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi akaribie kuzaliwa.

Kwa hiyo mama mkwe ana hofu ya kweli lakini hitimisho lake si sahihi. Hakuna damu iliyokataana kati yako na mume wako, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nenda na mume wako kliniki, naye apimwe, asikie maelezo kutoka kwa daktari badala ya kuyasikia sebuleni.

Mtoto akizaliwa, iwe njia ya kwanza au ya pili, mwangalie macho na ngozi mchana kwenye mwanga wa jua. Umanjano unaojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza si ule wa kawaida wa watoto wachanga. Ni chembe zinazovunjika, na taka yake ikizidi huingia kwenye ubongo na kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo. Tiba ni mwanga maalumu wa buluu, na ukishindwa, kubadilishiwa damu. Kumwanika juani hakutoshi. Akiwa na manjano, amelegea au anakataa kunyonya, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.