Ukienda Nairobi kufunga mzigo, piga hesabu ya kichwa kabla hujaamini kalkuleta

Nawaandikia nyie mnaoanza biashara ya nguo hapa Arusha na mnataka kuvuka Namanga kwenda Isli kuchukua mzigo. Watu wengi wanawaambia duka gani lina bei nzuri, ila hii ya kujua kwa haraka ile bei ni shilingi ngapi za madafu hawawafundishi, wanasema si kuna simu. Simu ipo ndio, ila simu inakubali chochote unachoiandikia.

Cha kwanza shika namba moja tu, 20. Siku za karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza humo humo, kwahiyo bei ya Kenya unaizidisha mara mbili halafu unaongeza sifuri moja, basi. Gauni linauzwa 1,850, mara mbili ni 3,700, weka sifuri, elfu 37. Ukitaka kurudi upande wa pili, yaani kutoka ya kwetu kwenda ya kwao, unatoa sifuri halafu unagawa nusu.

Sasa tuseme Namanga umebadilisha kwa reti ya 20.4. Hiyo ndo reti yako ya safari nzima, sio ile uliyoiona gugo asubuhi, maana gugo haijakuuzia hela. Na 20.4 ni 20 na asilimia 2 juu yake. Umechukua magauni 24 ya 1,850, dada wa duka anakwambia jumla 44,400. Kwanza hakikisha hiyo jumla yenyewe: 24 ifanye 25, na kwa kuwa umepandisha huku, shusha kule, 1,850 iwe 1,800, inakuja 45,000, sawa dada hajakosea. (Ukipandisha zote mbili, 25 mara 2,000, unapata 50,000 na utaanza kugombana na mtu bure.) Haya, 44,400 mara mbili ni 88,800, sifuri, ni 888,000. Asilimia 2 yake ni kama elfu 18, ongeza, unakuwa kwenye laki tisa na elfu sita hivi. Kalkuleta itakupa 905,760.

Hapo ndo unaona faida, kwa sababu kalkuleta ikikosewa haikosei kidogo. Ukisahau sifuri inaleta elfu 90, ukibonyeza kugawanya badala ya kuzidisha inaleta elfu mbili na kitu, na ile apu ya kubadilisha fedha ikiwa imebaki kwenye UGX badala ya KES itakuletea elfu thelathini na kitu. Mtu mwenye laki tisa kichwani anashtuka palepale, asiye nayo anafurahi kwamba Nairobi vitu bei chee jamani.

Kwa wabadilisha fedha nako ni hivyohivyo ila unapiga kinyume. Unatoa milioni moja, toa sifuri ni laki, nusu yake ni 50,000, na kwa kuwa reti iko juu ya 20 lazima upate pungufu ya hapo, toa asilimia 2, yaani 1,000, utegemee 49,000. Mtu akikuhesabia 47,000 usianze kelele, muulize tu kwa upole, "Kaka, umenipa kwa ngapi?" maana hiyo ni reti ya 21.3, na kama ubao unasema 20.4 mwenyewe atarudia kuhesabu. Fanya hiyo hesabu kabla noti hazijatoka mkononi mwako, sio ukishapanda gari.

Ila hesabu ya kichwa ina mwisho wake. Ukilipa kwa kadi mashine inaweza kukuuliza unataka kukatwa kwa KES au TZS, na ukiona TZS inasema 941,000 wakati wewe una 906,000 kichwani unajua kuna watu wamejiongezea elfu 35, chagua KES benki yako ndo ibadilishe, mara nyingi inakuwa nafuu. Lakini ingesema 912,000 hapo kichwa hakiwezi kukwambia kitu, tofauti ni ndogo mno kwa hesabu ya kukadiria, toa kalkuleta.

Na hiyo 20 msiikariri kama jina la mama. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya ilishuka mpaka kwenye 16 hivi, halafu ndani ya miezi michache ikapanda tena ikavuka 20, kwahiyo aliyeenda kipindi cha 16 na 20 yake ya zamani alikuwa anaona kila kitu ghali kwa robo nzima. Kila safari angalia ubao kwanza. Ukiwa 16, zidisha mara mbili mara nne mfululizo: 1,850, 3,700, 7,400, 14,800, 29,600. Ukiwa 18, piga kwa 20 halafu toa sehemu ya kumi, elfu 37 toa 3,700, inabaki 33,300.