Milioni 80 zikae wapi mpaka hati ibadilike jina?

*Shikamoo mama wakili. Nanunua nyumba yenye hati hapa Sahare, Tanga, kwa shilingi milioni 80. Muuzaji anaishi Dar es Salaam, anataka hela yote siku ya kusaini. Mimi nataka nilipe hati ikishakuwa na jina langu. Rafiki yangu wa benki anasema tutumie akaunti ya eskro. Inafanyaje kazi, na itanilinda kweli?*

Marahaba, mwanangu. Eskro ni jina geni la kitu ambacho wazee wetu walikiita amana. Fedha unaziweka kwa mtu wa tatu, asiye wako wala wa muuzaji. Kisha ninyi watatu mnasaini mkataba unaosema fedha zitatoka lini, zitakwenda kwa nani, na mtunza aone karatasi gani kabla ya kuziachia. Muuzaji anapata uhakika kwamba fedha zipo na huwezi kuziondoa kwa siri. Wewe unapata uhakika kwamba hazijaingia mfukoni mwake. Ila ulinzi wote umo ndani ya mkataba ule, hasa kifungu kimoja, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nikiwa wakili mchanga niliandika mkataba wa nyumba moja huko Ngamiani. Kifungu cha kuachia fedha kilisomeka "baada ya uhamisho kukamilika". Niliona kinatosha. Muuzaji alisaini fomu ya uhamisho, akaenda kwa mtunza amana, akamwambia uhamisho umekamilika kwa kuwa ameshasaini. Mtunza akasoma maneno yangu, hakuona linalompinga, akaachia fedha. Wiki ya tatu mke wa muuzaji akaweka zuio kwa Msajili wa Hati, yaani pingamizi la maandishi linalosimamisha usajili. Ile ilikuwa nyumba ya ndoa, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Mteja wangu akabaki na makaratasi yenye saini, hana nyumba, hana fedha. Alirudishiwa kidogo kidogo, baada ya miaka ya kesi na vikao. Bado inaniuma, kwa sababu maneno yale niliyaandika mimi.

Kusaini na kusajiliwa ni mambo mawili, na kati yake hupita wiki, pengine miezi. Nyumba yenye hati haiwi yako siku unaposaini. Inakuwa yako jina lako linapoingia kwenye daftari la Msajili. Kwa hiyo sharti la kuachia fedha lifungwe kwenye daftari, na liwe karatasi ambayo mtu yeyote akiitazama ataona jambo lile lile. Mimi siku hizi naandika hivi: mtunza amana ataachia fedha atakapopokea majibu ya upekuzi wa daftari kutoka kwa Msajili wa Hati, yaliyotolewa ndani ya siku 7 kabla ya kupokelewa, yanayoonyesha jina la mnunuzi kuwa mmiliki wa kiwanja hiki, bila rehani wala zuio la mtu mwingine. Usikubali maneno kama "mnunuzi akiridhika", kwani muuzaji atasema hutaridhika kamwe, na atakuwa na haki ya kuogopa. Usikubali pia "taratibu zote zikikamilika". Mtunza amana si hakimu. Ukimpa jambo la kupima kwa maoni yake, ama atakosea, ama atakataa kuachia mpaka mahakama imwamuru.

Kuhusu mke au mume wa muuzaji: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe na kusainiwa kabla hujaweka hata shilingi moja kwenye amana. Kama muuzaji anasema hana mwenza, aape hivyo mbele ya kamishna wa viapo. Usiifanye kuwa kitu cha kusubiri huku fedha zimeshafungwa.

Sasa nikupeleke kwenye fundo ambalo watu wengi hawalioni mpaka wamekwama. Ili uhamisho usajiliwe, Msajili anahitaji uthibitisho kwamba kodi ya faida itokanayo na mauzo imelipwa TRA. Kodi hiyo ni ya muuzaji. Muuzaji naye mara nyingi hana fedha ya kuilipa mpaka apate fedha za nyumba. Fedha za nyumba ziko kwenye amana, na amana haifunguki mpaka uhamisho usajiliwe. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Nimeona mikataba mizuri ikioza hapo miezi kadhaa, kisha muuzaji anachoka, anaanza kusikiliza mnunuzi mwingine mwenye fedha mkononi.

Dawa yake ni kuruhusu kipande kimoja cha amana kitoke mapema, kiende TRA moja kwa moja. Tuchukue mfano wa nyumba yako. Tuseme muuzaji aliinunua kwa milioni 25, akaongeza vyumba na ukuta kwa milioni 15, na risiti anazo. Gharama zake ni milioni 40, faida ni milioni 40. Kwa mkazi wa nchi kodi ni asilimia 10 ya faida, yaani milioni 4. Asiye na kumbukumbu za gharama hukokotolewa kwa njia nyingine, kwa hiyo mwulize mapema kama risiti na mkataba wake wa zamani vipo. Mkataba wa amana useme kwamba, makadirio ya TRA yakitoka pamoja na namba ya malipo, mtunza atalipa kodi hiyo kwa namba ile ile, na stakabadhi ikae kwenye jalada. Milioni 4 zisipite mkononi mwa muuzaji, hata akiwa mtu mwema. Zitakazobaki ni milioni 76.

Weka na kikomo. Nyumba itafanyiwa uthamini, na TRA wanaweza kutazama thamani hiyo badala ya bei mliyoandika. Mthamini akisema nyumba ina thamani ya milioni 95, kodi itapanda. Andikeni kwamba amana italipa kodi isiyozidi, tuseme, milioni 6, na ya ziada muuzaji ataitoa mwenyewe. Ushuru wa stempu, ambao kwa bei yako ni karibu laki 8, mara nyingi hulipa mnunuzi. Huo uutoe pembeni, usiuchanganye na amana.

Lakini utaniuliza, je, kodi ikishalipwa halafu mauzo yavunjike? Milioni 4 zimeshakwenda serikalini, na kuzidai zirudi ni kazi ndefu. Ndiyo maana kipande hicho kisitoke siku ya kwanza. Kitoke baada ya mambo matatu. Kwanza, hati halisi iwe mikononi mwa mtunza amana, pamoja na Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35 zilizosainiwa: ya kutoa taarifa ya mauzo, ya kuomba kibali, na ya uhamisho wenyewe. Pili, wewe uwe umeweka zuio lako kwa Msajili kama mnunuzi mwenye mkataba, ili muuzaji asiweze kuweka rehani au kuuza tena wakati mnasubiri. Zuio hilo utaliondoa mwenyewe uhamisho wako unapopelekwa kusajiliwa. Tatu, kibali cha Kamishna wa Ardhi kiwe kimetoka na kodi ya pango la ardhi isiwe na deni. Mkifika hapo, hatari ya kuvunjika imebaki ndogo. Na bado mkataba useme wazi kwamba mauzo yakivunjika kwa kosa la muuzaji, kodi iliyolipwa ni deni lake kwako.

Kutoka hapo mambo ni mepesi. TRA inathibitisha kodi imelipwa, uhamisho unakwenda kwa Msajili, jina linabadilika, unaomba upekuzi, majibu yanapelekwa kwa mtunza, naye anaachia milioni 76. Mimi hupenda kubakiza laki 5 mpaka siku ya funguo, kwa ajili ya bili ya maji ya Tanga UWASA na mpangaji aliyegoma kuhama.

Muda nao uandikwe. Siku 120 kwa kuanzia, ziongezwe siku 60 mara moja kama ucheleweshaji ni wa ofisi za serikali na si wa mmoja wenu. Zikiisha, fedha zilizobaki zirudi kwako na hati irudi kwa muuzaji, bila kuhitaji saini ya mtu wa pili. Kama mmoja wenu amepinga kwa maandishi, mtunza abaki na fedha mpaka mkubaliane au chombo mlichokitaja mkatabani kiamue.

Nani azitunze? Baadhi ya benki hufanya kazi hii kwa ada, kwa mkataba wa pande tatu. Wakili naye anaweza, kupitia akaunti ya wateja, ambayo sheria inamtaka aitenge na fedha zake binafsi. Asiwe wakili wa muuzaji, wala asiwe mimi kama mimi ndiye ninayekuwakilisha, na dalali usimfikirie kabisa. Hakikisha jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Atakuuliza fedha umezipata wapi na atataka kitambulisho. Usikasirike, sheria ya utakatishaji fedha inamlazimu. Asiyekuuliza chochote ndiye wa kutilia shaka. Jina la akaunti lionyeshe kuwa ni ya wateja au ya amana. Ukiona jina la mtu binafsi, simama. Na ukipata ujumbe kwamba namba ya akaunti imebadilika, usitume. Nenda ofisini kwake kwa miguu yako, au piga namba uliyopewa siku ya kwanza.

Haya yote yanasimama kwa sababu nyumba yako ina hati. Kwa kiwanja kinachouzwa kwa barua ya serikali ya mtaa, hakuna daftari la Msajili la kufungia sharti. Hapo amana inaweza kushika fedha wakati majirani na viongozi wanathibitisha mipaka, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba hakuna mwingine aliyeuziwa kabla yako.

Upekuzi wa kwanza ufanye leo, kabla ya kusaini chochote. Wa pili ufanye siku ile ile unayokwenda benki kuweka milioni 80, na nakala yake uende nayo.