Brosha ya kambi ya Ruaha kwa Kirusi: anza na namba, maneno yatafuata

Swali: "Wakuu, nilisoma Urusi na Kirusi changu bado kipo. Jamaa yangu ana kambi ya mahema upande wa Ruaha, amenipa brosha ya Kiingereza niigeuze Kirusi maana wageni wa huko wameanza kuulizia. Imejaa maili, futi, Farenhaiti na maneno matamu kibao. Nianzie wapi?"

Mkuu, mimi nipo Iringa mjini na kazi hizi nazifanya pembeni ya ajira yangu, nyingi ni za kambi za njia hiyo hiyo ya Ruaha. Kabla hujagusa sentensi hata moja, chukua kalamu uzungushie duara kila namba iliyomo, kisha mpigie jamaa yako simu. Brosha nyingi za huku ziliandikwa zikimlenga Mmarekani, kwa hiyo hizo maili na galoni zenyewe tayari zimeshageuzwa mara moja. Kulikuwa na kipimo cha kwetu, mtu akakibadilisha na kukikadiria. Ukikibadilisha tena unapata kipimo ambacho hakipo kambini wala kwingineko.

Chukua bafu la ndoo. Brosha itasema galoni 5. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, utapata lita 18.9. Ya Kiingereza ni lita 4.546, utapata 22.7. Ipi sasa? Muulize kijana anayebeba maji moto asubuhi, atakwambia ni ndoo ya lita 20. Andika 20, basi. Mzigo wa kwenye ndege ndogo nao ni hivyo hivyo: paundi 33 ni kilo 15, si 14.97. Na maili 80 kutoka Iringa hadi hifadhini ni kama kilomita 130. Ukiandika 128.7 msomaji ataamini kuna mtu alipita na kamba ya kupimia. Hapo kwenye umbali ongeza muda wa safari na hali ya barabara. Mgeni aliyezoea barabara kuu za kwao atasoma kilomita 130 akadhani ni saa moja na nusu, apange ndege yake hivyo, na akikutana na changarawe na vumbi la kiangazi atakulaumu wewe uliyetafsiri.

Vitanda pia vinahitaji simu. Fundi wa huku anachonga sita kwa sita au tano kwa sita, yaani futi. Kiingereza kinapamba kwa kuita kitanda cha kifalme. Mrusi ananunua kitanda kwa sentimita, na urefu aliouzoea ni 200. Sita kwa sita ni sentimita 183 kila upande. Mtu wa mita 1.90 atalala miguu ikining'inia nje, kwa hiyo andika vipimo halisi, upana na urefu, na kama kambi ina hema moja lenye kitanda kirefu zaidi lipe sentensi yake. Niliwahi kumwambia meneja mmoja hivyo akaona namharibia biashara. Mimi naona kinyume chake: mgeni mrefu akijua mapema ataomba hema lile na atakuja.

Sasa Farenhaiti, ambayo ndiyo inaua watu. Kuna brosha niliyoletewa kurekebisha, ilikuwa imeshachapwa. Kiingereza kilisema kwamba mwezi Julai usiku joto hushuka kwa digrii 27. Aliyetafsiri akaiingiza 27 kwenye kikokotoo cha mtandaoni, kikampa karibu -3, naye akaandika kwa Kirusi kwamba usiku ni nyuzi tatu chini ya sifuri. Ruaha! Kikokotoo hakikukosea. Kiliulizwa kuhusu usomaji wa kipimajoto, wakati sentensi ilikuwa inazungumzia tofauti kati ya mchana na usiku. Kanuni ni mbili na usizichanganye:

```
usomaji:  C = (F - 32) × 5/9
tofauti:  C = F × 5/9
```

Tofauti ya 27 ni nyuzi 15 za Selsiasi. Kama mchana ni 30, usiku ni kama 15. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: ukikuta neno "hushuka kwa", "hupanda kwa" au "tofauti ya", usitoe ile 32.

Lakini hata ukishapata 15 iliyo sahihi, hujamaliza. Kwa mtu wa Novosibirski nyuzi 15 ni hali ya hewa ya fulana. Hajui kwamba gari la kutazama wanyama liko wazi pande zote, linaondoka kabla jua halijakolea, na hema halina mabomba ya joto kama nyumba yake. Mueleze hayo, kisha mwambie abebe jaketi la kuzuia upepo. Na akilala Iringa mjini njiani, huku ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai hata sisi wenyeji tunavaa masweta.

Hiyo 1,500 yenyewe iangalie vizuri. Kirusi kinatumia mkato pale tunapoweka nukta ya desimali, na maelfu kinayatenga kwa nafasi. Ukiacha "1,500" kama ilivyo, Mrusi anasoma mita moja na nusu. Andika 1 500, na saa moja na nusu iwe 1,5. Tumia ile nafasi isiyovunjika, la sivyo mchora kurasa atakuachia 1 mwisho wa mstari na 500 mwanzo wa unaofuata.

Saa ni mtego wa kwetu sisi wenyewe. Brosha ya Kiingereza inaweza kuwa sawa kabisa, ila ratiba ya ziada utatumiwa na meneja kwa WhatsApp: "gemu draivu saa 12 asubuhi, chakula saa 2 usiku." Kwa Kirusi hizo ni 06:00 na 20:00, na tumia saa 24 mwanzo mpaka mwisho. Kuna habari njema unayoweza kuiweka kwenye mstari mmoja: saa ya Moscow ni sawa na ya kwetu mwaka mzima, kwa sababu Urusi haibadilishi saa kwa misimu, na tangu Oktoba 2014 ya Moscow imebaki hapo hapo. Usiandike tu "hakuna tofauti ya saa na Urusi", maana Yekaterinburgi wako mbele yetu kwa saa mbili na Novosibirski kwa saa nne. Halafu wasomaji wa Kirusi hawatoki Urusi tu, wapo wa Kazakhstani na kwingineko.

Kuhusu maneno matamu, mimi huyafyeka bila huruma. Kiingereza cha utalii kinamwamuru mgeni ajipoteze kwenye pepo iliyofichika, agundue roho ya Afrika. Kirusi kinayabeba hayo kisarufi, ila msomaji anahisi anauziwa kitu kibovu. Badala yake sema kilichopo: mahema kumi ukingoni mwa Mto Ruaha Mkuu; kiangazi maji yakipungua, kutoka barazani unaona tembo wakichimba mchanga kutafuta maji. Sentensi hiyo inauza kuliko pepo, na jamaa yako akilalamika kwamba umepunguza uzuri, msomee zote mbili kwa sauti. Mgeni mwite kwa wingi wa heshima, ule wa herufi ndogo. Herufi kubwa ni ya barua kwa mtu mmoja, na brosha inasomwa na wengi.

Pale penye hatari upole unageuka kuwa kosa. Kiingereza kinasema wageni wanaombwa kwa hisani wajiepushe kutembea bila kusindikizwa baada ya giza kuingia. Kwa Kirusi ombi kama hilo linasomeka kama ushauri wa kupuuzwa. Andika wazi: baada ya giza tembea na askari tu; kambi haina uzio, tembo na viboko hupita kati ya mahema. Ukitoa sababu wanatii.

Malipo ndiyo yanayozaa ugomvi mapokezi, kwa hiyo yachunguze. Kwanza, usiandike "kila kitu kimo" kama kambi inatoa milo mitatu na maji ya kunywa. Mrusi aliyekwisha kwenda Uturuki au Misri akiona maneno hayo anaelewa na vinywaji vikali vimo, tena siku nzima. Andika milo mitatu kwa siku, kisha taja kimoja kimoja kilichomo na kisichomo: bia, kufua nguo, ada za hifadhi, gari. Pili, brosha itajigamba kwamba kambi inapokea Visa na Mastercard. Kadi za chapa hizo zilizotolewa na benki za Urusi hazifanyi kazi nje ya Urusi tangu Machi 2022, na mgeni analijua hilo, ila akisoma brosha yako anaweza kudhani mna njia ya pekee. Mwambie jamaa aamue atalipwaje, na hilo ndilo liandikwe. Ada za hifadhi taja kwamba kambi inazilipa kwa kontroli namba kabla ya kufika getini, asije na noti mkononi akitegemea kulipa dirishani.

Wanyama nao wana ajali zake. Ruaha inajulikana kwa mbwa mwitu, na ukimtafsiri neno kwa neno Mrusi anaona mbwa koko wa mitaani, ambao kwao ni kero. Vitabu vyetu vya watoto navyo vimemfanya mbwa mwitu kuwa yule mnyama wa misitu ya theluji, kwa hiyo wapo wanaomgeuza hivyo pia. Kirusi kina jina rasmi linalomaanisha mbwa mwenye sura ya fisi. Tumia hilo na uongeze kwamba huwinda kwa kundi. Tandala mkubwa na mdogo usiwaunganishe, wapo wanaofunga safari kwa ajili ya kuwaona wote wawili.

Ukurasa wa Kalenga, kile kijiji cha karibu na Iringa chenye makumbusho ya Mkwawa, uupe nafasi zaidi ya Kiingereza. Brosha husema "fuvu la Mkwawa" na kuishia hapo. Mrusi hamjui. Eleza kwamba alikuwa mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua mwaka 1898 asikamatwe, fuvu likapelekwa Ujerumani, likatajwa kwenye Mkataba wa Versai wa 1919, na likarudi mwaka 1954. Epuka kumwita mkuu wa kabila kwa lile neno la vitabu vya hadithi, linaleta picha ya manyoya kichwani. Mtawala inatosha.

Mwisho ni mpangilio. Kirusi kinakuwa kirefu kuliko Kiingereza, na aina nyingi za herufi za mapambo hazina herufi za Kirusi kabisa, utaona visanduku vitupu. Dai PDF kabla ya kuchapwa uisome mwenyewe. Na mwambie jamaa asibadilishe namba peke yake mwakani: Kirusi kinabadilisha nomino kufuatana na idadi, usiku 3 na usiku 5 haviandikwi sawa, na 21 hurudi kwenye umoja. Kisha mtafute Mrusi mmoja ambaye hajafika huku, mpe aisome, muulize aje na kilo ngapi, avae nini alfajiri, alipe vipi. Akisita kwenye jibu lolote, rudi kwenye ukurasa huo.