"Soo", "finje" na "mbao" ni pesa ngapi?

"Niko Nakuru tangu juzi. Steji makanga anaita 'finje na mbao', ndani ya gari ananiambia 'lete soo'. Ni pesa ngapi?"

Mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100. Kwa hiyo nauli yako ilikuwa 70, na "lete soo" alitaka noti ya mia ili akurudishie 30. Niliwahi kuwa konda, nayajua haya. Ukisikia "chwani", usidhani ni mia, chwani ni finje ileile.

Shida huanza kwenye chenji. Konda akikosa 30 zako, atampa jirani yako noti moja na kusema "mgawane". Chukua kwamba jirani anadai 70 na wewe 30: ile soo ni yenu nyote wawili, na mwenye noti akishuka kwanza umeisha. Mulizane mtashuka wapi kabla ya kuikubali.

Ukitoa rwabe (200) au jirongo (500), itaje kwa sauti ukimpa. Jirongo ni jina la yule mwanasiasa wa Lugari aliyekuwa kwenye kundi la vijana la YK'92, pesa zilipomwagwa kwenye kampeni za 1992, ingawa vijana wa sasa wengi hawalitumii.

Na "bado mmoja" usiiamini. Wengine mle ndani wamekalishwa tu gari lionekane limejaa, wanashuka ukishaketi.