Bande ya mkono kwenye foto: nyekundu, njano ao kijani?

"Jambo ba yaya. Mimi ni reko mupya, mujitoleaji wa afya huku Ndosho. Bamama wananitumia foto ya bande ya kupima mkono wa mtoto ku watsapu, wengine wanaandika kijani lakini mimi naona nyekundu, wengine njano lakini kuko rangi tatu zote. Nitaamini rangi gani? Na je foto inatosha kusema mtoto iko na utapiamlo?"

Jambo mdogo wangu. Nimesimamia bareko hapa Goma kwa muda, foto kama hizo zilikuwa zinaingia kwa telefone yangu kila jioni, basi nakuambia vile mimi nazisoma.

Kwanza sahau rangi unayoiona kwa haraka. Angalia ile bande yenyewe jinsi imetengenezwa: upande mmoja iko na kidirisha kidogo chenye mishale, namba zinaanza hapo na zinapanda kuenda kwenye mkia. Nyekundu njo inatangulia, halafu njano, halafu kijani mpaka mwisho. Sasa ukiizungusha kwenye mkono na kupitisha mkia ndani ya dirisha, ile sehemu ya namba ndogo inabaki imezunguka mkono, na mkia wenye namba kubwa unatoka nje unaning'inia. Maana yake nini? Maana yake karibu kila foto itakuwa na kijani ndani yake, hata ya mtoto mwenye hali mbaya sana, kwa sababu mkia wake wote ni kijani! Na mtoto mzima kabisa mwenye mkono wa milimita 140 utamwona amezungukwa na nyekundu, kwa sababu nyekundu imelala juu ya mkono wake. Njo maana mama anaandika kijani na wewe unaona nyekundu, kila mtu anaangalia kipande chake. Rangi inayohesabika ni ile moja tu iliyo ndani ya dirisha, pale mishale inapoonyesha, zingine zote ni kama nguo iliyobaki kwa fundi.

Na hata ndani ya dirisha rangi inaweza kukudanganya. Njano yote ni milimita 10 tu, kutoka 115 mpaka 125, ni nyembamba kuliko kidole. Dirisha linaweza kukuonyesha rangi mbili kwa wakati mmoja, nusu nyekundu nusu njano, na watu wanachagua ile iliyo kubwa zaidi. Hapana. Fuata mishale, vuta mstari kwa macho kutoka ncha moja mpaka ingine, usome namba iliyo chini ya huo mstari. Chini ya 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 115 yenyewe mpaka 124 ni njano, utapiamlo wa kadiri. 125 na kupanda ni kijani. Angalia vizuri hapo mpakani, 115 kamili ni njano, siyo nyekundu, na 125 kamili ni kijani. Bande zingine zimeandikwa kwa sentimita, utaona 11,5 na 12,5, ni kitu kimoja. Na hizi namba ni za mtoto wa miezi 6 mpaka 59, usizipeleke kwa mwenye miezi minne wala kwa dada yake wa miaka saba.

Namba ni bora kuliko rangi kwenye foto kwa sababu ya mwanga pia. Chini ya bâshi ya bluu njano inageuka kama kijani hivi, na usiku kwa taa ya telefone plastiki inang'aa, ile njano inakuwa nyeupe na huoni kitu. Namba yenyewe haibadiliki hata mwanga uwe wa namna gani, kama inasomeka inasomeka. Kama haisomeki usibahatishe, mwambie mama asogee mlangoni kwenye mwanga wa mchana, azime flashi. Na watsapu inapunguza foto, vile vimistari vya milimita vinachanganyikana, kwa hiyo akipenda aitume kama dokumenti. Kitu kingine, wale wanaojipiga na kamera ya mbele, kwa telefone zingine foto inatoka imegeuzwa kama kwenye kioo, ukiona tarakimu ziko kinyume mwambie apige tena kwa kamera ya nyuma.

Kabla ya hiyo yote, hakikisha ni bande gani. Kuko bande za zamani ambazo nyekundu yake inaishia 110, kwa sababu zamani kipimo kilikuwa 110, OMS na UNICEF walikipandisha kuwa 115 mwaka 2009. Mtoto wa 112 kwenye bande kama hiyo haingii nyekundu wakati leo ni mkali kabisa. Na kuko ile ya bamama wenye mimba, ndefu zaidi, hiyo ukiizungusha kwa mtoto inasema vitu vya ajabu. Kwenye foto tafuta pale nyekundu inapoishia, kama haikuandikwa 115 ao 11,5 usisome rangi kabisa, soma namba peke yake na uilinganishe mwenyewe.

Sasa shida kubwa, kwangu mimi ni kubwa kuliko rangi, ni vile bande ilivyowekwa. Namba inaweza kusomeka safi kabisa na bado ikawa ya uongo. Nikupe mfano. Reko mmoja alinitumia foto ya mtoto wa miezi 14, chini ameandika "njano, 116, nimpeleke wapi?" Nikavuta foto karibu, kweli mishale ilikuwa kwenye 116, kusoma alisoma vizuri. Lakini angalia bande yenyewe: upande mmoja ilikuwa imepanda karibu na bega, upande mwingine imeshuka kuelekea kiwiko, imelala mshazari. Kitu kikizungushwa mshazari kinapita njia ndefu kuliko kikizungushwa sawasawa, basi namba inapanda. Halafu chini ya bande, karibu na dirisha, kulikuwa kivuli cheusi chembamba, ni nafasi kati ya plastiki na ngozi, maana yake imelegea. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, yote yanafanya mkono uonekane mnene kuliko ulivyo. Mtoto aliye kwenye 116 na bande imelegea na imekaa mshazari, hapo siwezi kusema njano.

Sikutoa milimita kwa kichwa, hiyo usifanye hata siku moja, hakuna mtu anayejua kivuli kile ni milimita ngapi. Nilimwambia apime upya. Mkono wa kushoto, akunje kiwiko, achukue kamba kutoka ncha ya mfupa wa bega mpaka ncha ya kiwiko, aikunje mara mbili, hapo katikati aweke alama na biki. Halafu mkono ushuke, uning'inie, ulegee, kwa sababu mtoto akikaza mkono msuli unajaa na namba inabadilika. Bande ipite juu ya ile alama, ikae sawa kuzunguka, iguse ngozi pande zote bila kuibana. Na nikamwomba foto mbili: moja ya mbali kidogo, inayoonyesha kutoka bega mpaka kiwiko, nione bande iko wapi na imekaa namna gani, na ingine ya karibu, telefone imekaa mbele ya dirisha moja kwa moja, siyo kutoka pembeni, maana ukipiga kutoka pembeni ukingo wa dirisha unaficha vimistari na mshale unaonekana umehama. Uso wa mtoto usiwe ndani, tunapima mkono, sijui kwa nini watu wanapenda kutuma uso wa mtoto wa wenyewe kwa grupe.

Foto ya pili ikaja: 113. Nyekundu.

Kinyume chake pia kinatokea. Ukiona ngozi imevimba juu na chini ya bande, ao kuko mikunjo kama imefungwa na kamba, imebanwa sana, namba itakuwa ndogo kuliko ukweli na utampeleka mama bure UNTA, kule wanakotibu utapiamlo mkali bila kulaza mtoto. Hiyo nayo ni mbaya kuliko watu wanavyofikiri. Mama amelipa moto, amefika, nesi anapima anapata 121, anarudishwa, kesho ukimwambia arudi hatarudi tena, na jirani zake anawaambia. Mimi naona hapo njo tunapoteza bamama wengi, na hatulioni kwa sababu wanakaa kimya.

Kuhusu swali lako la mwisho, foto haitoshi kusema mtoto iko na utapiamlo, inatosha tu kuamua nani aende kituo, na huko watampima tena kwa mikono yao. Kitu kimoja foto ya mkono haitaonyesha ni miguu. Mtoto mwenye bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba, anaweza kuwa na mkono wa kijani kwa raha zake na ni mgonjwa sana. Kwa hiyo kila foto ya bande iambatane na miguu: mama abonyeze kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde tatu, aachie. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, namba ya mkono haina kazi tena, huo ni utapiamlo mkali na aende leo. Yule wa 113 miguu yake ilikuwa sawa, alikuwa anakula, hana homa, basi alipelekwa UNTA, huko wanajaribu kama anakula vizuri plampi, ile siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo, kabla ya kumpa ya kuenda nayo nyumbani. Kama angekuwa anakataa kula, anatapika kila kitu, ao amelegea haamki vizuri, ingekuwa hospitali moja kwa moja bila kungoja foto ya pili.

Na kama foto ya pili haipatikani, mama hana megabaiti, ao telefone ilikuwa ya jirani na jirani ameondoka? Hapo naangalia namba iko mbali na mpaka ao karibu. 137 na bande imelegea kidogo, sina presha, apimwe tena wiki ijayo. 117 na imelegea, naandika aende kituo, na ninamwambia mama wazi kwamba ni kuhakikisha tu, sijamwambia mtoto ana utapiamlo.

Ukituma kwa nesi usiandike "nyekundu" peke yake, andika: 113, miezi 14, miguu haijavimba, anakula, bande ya 115. Akiona hivyo anajua afanye nini hata kama foto haijafunguka.